Mpunga umejaa ghalani, deni linaiva Januari: uwiano wa sasa na uwiano wa haraka

Mwishoni mwa Julai, Ubaruku na Igurusi mkoani Mbeya zinanuka pumba. Mashine za kukoboa hazilali, malori yamejipanga kuanzia barabara kuu ya Tanzam hadi kwenye milango ya maghala, na kila mwenye mtaji ananunua mpunga wa Usangu bei ikiwa bado iko chini. Msimu mmoja wa namna hiyo nilikaa ndani ya ghala na mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya kununua mpunga, kukoboa na kuuza mchele. Mkononi alikuwa na karatasi moja, mizania aliyochapiwa na kijana wa stesheneri kwa ajili ya kupeleka benki.

"Mwanangu," akaniambia, "afisa mikopo anataka mbili kwa moja. Mbili kwa moja ninayo, imeandikwa hapa. Sasa mbona sijui Agosti nitawalipa nini wakulima?"

Niliiona karatasi, na alichosema kilikuwa kweli: hesabu ilitoka mbili kamili. Nilichomjibu siku ile ndicho nitakachoeleza hapa. Tarakimu nimezizungusha ili zisomeke kwa urahisi.

Swali la msingi ni hili: madeni yote yanayotakiwa kulipwa ndani ya miezi 12 yakija, je, kampuni ina mali za kutosha zitakazogeuka fedha ndani ya muda huohuo? Upande mmoja wa mizania ziko mali za muda mfupi: fedha taslimu, za benki na za kwenye simu, wadaiwa, yaani watu waliochukua mchele kwa mali kauli, mpunga na mchele ulioko stoo, na malipo yaliyotangulizwa, kama kodi ya ghala. Upande wa pili yako madeni ya muda mfupi. Ukigawanya mali hizo kwa madeni hayo unapata uwiano wa sasa, ambao wahasibu wengi wanauita karenti resho. Mama alikuwa na fedha milioni 18, wadaiwa milioni 62, mpunga gunia 1,500 ulioandikwa milioni 150, na kodi ya ghala iliyolipwa mbele milioni 10. Jumla milioni 240. Alidaiwa milioni 90 za mkopo wa msimu, milioni 20 za wakulima walioacha mpunga kwa ahadi, na milioni 10 za umeme, mishahara na kodi. Jumla milioni 120.

240 ÷ 120 = 2.0

Kwa kila shilingi 100 anayodaiwa, ana mali ya shilingi 200. Hiyo ndiyo mbili kwa moja. Kipimo hiki kilianza kwa mabenki ya Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na hiyo mbili haikutoka kwenye kanuni yoyote ya hesabu. Ilikuwa tahadhari ya mkopeshaji: hata nusu ya thamani ya mali ikipotea, deni bado linalipika. Wakopeshaji wengi wameishika hadi leo, na ndiyo maana afisa mikopo aliitaja kama vile ni sheria.

Uwiano wa haraka, kwiki resho, unauliza jambo lilelile kwa ukali zaidi. Mpunga unautoa, kodi ya ghala iliyolipwa mbele nayo unaitoa kwa sababu hakuna mkulima utakayemlipa kwa risiti ya mwenye ghala. Zinabaki fedha na wadaiwa tu.

(18 + 62) ÷ 120 = 0.67

Kipimo hiki kina jina jingine, kipimo cha tindikali, na wenyeji wa Chunya wanaweza kulielewa kuliko sisi wahasibu. Mnunuzi wa dhahabu asiyeamini macho yake anaidondoshea tindikali ya nitriki. Madini duni yanachemka, dhahabu inabaki vilevile. Uwiano wa haraka unaifanyia mizania kazi hiyo: unaondoa vyote ambavyo havijawa fedha wala ahadi ya fedha, kisha unaangalia kilichobaki. Kwa mama ilibaki shilingi 67 kwa kila 100 anayodaiwa, na hapo jibu la swali lake lilianza kuonekana. Utajiri wake ulikuwa kwenye magunia. Wakulima walikuwa wanasubiri fedha.

Lakini sikutaka kuishia hapo, maana viwiano hivi viwili vina usahihi uleule wa mistari iliyo juu yake, na mistari ile ilikuwa na kasoro tatu ambazo nimezikuta kwa wafanyabiashara wengi kuanzia Tunduma hadi Makambako.

Ya kwanza ilikuwa mashine. Nje ya ghala ilisimama mashine mpya ya kukoboa yenye kichambuzi cha mchele, iliyonunuliwa kwa mkopo wa miaka mitatu, rejesho milioni 2 kila mwezi. Niliuliza mkopo huo uko wapi kwenye karatasi. Mama akaniambia ni deni la muda mrefu, liko chini kabisa. Ni kweli kwamba mkopo ni wa miaka mitatu, lakini marejesho ya miezi 12 ijayo, milioni 24, yanalipwa mwaka huuhuu. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, vinavyotumika Tanzania tangu 2004 chini ya usimamizi wa bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA, vinataka sehemu hiyo ikatwe na kuletwa juu kwenye madeni ya muda mfupi. Kijana wa stesheneri hakuikata. Tukiileta, madeni yanakuwa milioni 144. Uwiano wa sasa unashuka hadi 1.67, na wa haraka hadi 0.56. Hakuna kilichoibwa wala kuharibika. Deni limewekwa mahali pake tu.

Ya pili ilikuwa kwenye daftari la mali kauli. Hili nililisoma mstari kwa mstari, maana kwangu ndilo daftari muhimu kuliko yote kwenye biashara ya mchele. Lilikuwa kauntabuku lenye jalada lililoloa mafuta, majina upande wa kushoto, magunia katikati, fedha kulia, na alama ya vema kwa waliomaliza. Nilichofanya ni kuandika pembeni ya kila jina tarehe ya mwisho mtu huyo alipolipa chochote. Milioni 32 zilikuwa za watu waliochukua mchele ndani ya miezi miwili na wanaolipa, pengine kidogokidogo, lakini wanalipa. Milioni 30 zilikuwa za mtu mmoja wa Dar es Salaam. Alichukua lori zima msimu uliopita, akalipa mara moja, kisha simu yake ikaanza kuita bila kupokelewa.

"Huyu atalipa," mama akasema. "Tulifanya naye kazi miaka sita."

"Mama, mara ya mwisho alilipa lini?"

Akafunua kurasa nyuma, akakuta tarehe, akanyamaza.

Deni la namna hiyo halifutwi moyoni, na mama ana haki ya kuendelea kulidai hata mahakamani. Lakini kwenye hesabu ya kulipa madeni ya mwaka huu haliwezi kuhesabiwa, kwa hiyo tuliliwekea akiba ya deni shakani, milioni 30 zote. Mali zikabaki milioni 210. Uwiano wa sasa 1.46. Uwiano wa haraka 0.35.

Angalia ulivyoanguka huo wa haraka, kutoka 0.56 hadi 0.35 kwa jina moja. Huu ndio udhaifu wake ambao watu hawausemi vya kutosha. Unaitwa wa haraka na unasifiwa kwa ukali, kumbe umewaamini wadaiwa moja kwa moja. Mpunga unaoweza kuguswa kwa mkono unatolewa nje, halafu neno la mtu aliye kilomita zaidi ya 700 linaachwa ndani kana kwamba ni fedha. Mizania haionyeshi umri wa deni. Inaandika "wadaiwa milioni 62", basi. Mtu anayekuletea uwiano wa haraka bila orodha ya wadaiwa yenye tarehe amekupa nusu ya habari.

Kasoro ya tatu ilikuwa bei ya mpunga. Gunia 1,500 ziliandikwa kwa shilingi 100,000 kila moja, nami nikauliza alizinunua kwa ngapi. Pamoja na usafiri, wastani ulikuwa 80,000. Ile laki moja ilikuwa bei anayoitegemea Desemba au Januari, mpunga unapokuwa adimu. Kuitegemea si kosa, biashara yote ya kuhifadhi mpunga imejengwa juu ya tegemeo hilo. Kuiandika kwenye mizania ya Julai ndilo kosa. Bidhaa iliyoko stoo inaandikwa kwa gharama yake, au kwa bei inayotarajiwa kupatikana baada ya kutoa gharama za kuuza kama bei hiyo ni ya chini kuliko gharama. Faida ya Desemba inasubiri Desemba. Kwa 80,000, mpunga unakuwa milioni 120, mali zote milioni 180, na uwiano wa sasa 1.25. Uwiano wa haraka unabaki 0.35 ileile, kwa sababu mpunga haukuwemo tangu mwanzo. Hapo ukali wake unasaidia: mtu hawezi kuupamba kwa kupandisha bei ya stoo.

Kwa hiyo karatasi iliyosema 2.0 na 0.67 ilipaswa kusema 1.25 na 0.35. Mama alishtuka, na mtu mwingine angehitimisha kwamba kampuni inakufa. Mimi sikuhitimisha hivyo, kwa sababu ya jambo ambalo linatokana na Usangu yenyewe.

Kutoa stoo kwenye hesabu kuna maana pale ambapo stoo inachelewa kuwa fedha. Nenda Mafinga kwa mwenye yadi ya mbao: mbao zake lazima zikauke, zipangwe kwa unene na urefu, zisubiri fundi anayetaka kipimo hichohicho. Kwake kuitoa stoo ni sahihi kabisa. Nenda kwa muuza vipuri vya trekta, utakuta gia iliyokaa rafuni miaka minne. Lakini mpunga mkavu, uliopepetwa vizuri, hapa Ubaruku unapata mnunuzi ndani ya siku mbili au tatu, kwa fedha mkononi, ukikubali bei ya siku. Swali pekee ni bei gani. Viazi vya Uyole na Njombe navyo vinauzika haraka, ila hivyo vikikaa vinaoza, kwa hiyo mwenye viazi anauza kwa haraka na kwa hofu pia. Mpunga unamsubiri mwenye mali. Neno "stoo" linaficha tofauti zote hizo.

Basi tukafanya hesabu ya tatu, ambayo haina jina vitabuni. Tulijiuliza, kama tungelazimika kuuza gunia zote wiki hii kwa bei ya kutupa, tuseme 70,000, tungepata nini? Milioni 105. Ongeza fedha milioni 18, unapata milioni 123 dhidi ya madeni ya milioni 144, yaani 0.85. Ongeza na wadaiwa wanaolipa, milioni 32, unafika milioni 155, yaani 1.08. Kampuni haifi. Lakini inavuka mto kwa daraja la wale wadaiwa wa milioni 32. Wakiacha kulipa wao, anauza mpunga wote na deni bado linabaki. Jambo hili halikuonekana kwenye 2.0 wala kwenye 1.25.

Sasa turudi kwenye swali la mama lenyewe, la Agosti. Hakuna uwiano wowote kati ya hivi unaoweza kulijibu, kwa sababu vyote vinachukua madeni ya miezi 12 na kuyatia kwenye kapu moja. Deni la kesho kutwa na deni la Januari yanahesabiwa sawasawa. Ikabidi tugeuze karatasi na kuyapanga kwa tarehe. Agosti: wakulima milioni 20, umeme na mishahara na kodi milioni 10, rejesho la mashine milioni 2. Jumla milioni 32, na fedha zilizopo ni 18. Pengo milioni 14. Tangu Septemba hadi Januari yapo marejesho ya mashine milioni 10, kisha mwisho wa Januari unaiva mkopo wa msimu, milioni 90 pamoja na riba. Gharama za kila siku tuliziacha nje, kwa sababu fedha anazopata kwa kukobolea watu zinatosha kuzilipa.

Pengo la Agosti lina dawa mbili, kuwabana wadaiwa au kuuza sehemu ya mpunga sasa. Akiuza gunia 250 kwa 80,000 anapata milioni 20, analipa zote 32, na anabakiwa na milioni 6 na gunia 1,250. Hapati faida kwenye gunia hizo, na inauma kuuza Julai kitu ulichonunua ili ukiuze Desemba. Lakini wakulima wanalipwa, na wakulima hao ndio watakaomletea mpunga mwakani.

Januari inategemea bei. Gunia 1,250 zikiuzwa kwa laki moja, analipa milioni 100 zote na anabaki na milioni 31. Bei ikibaki 80,000, anabaki na milioni 6. Mavuno yakiwa mengi kila mahali, au mchele wa nje ukaingia sokoni, na bei ikaanguka hadi 70,000, anapungukiwa milioni 6 na nusu, na hapo tena wale wadaiwa ndio wa kumwokoa. Ningeomba kila afisa mikopo aione orodha hii ya tarehe kabla ya kuuliza habari za mbili kwa moja.

Kuna jambo moja zaidi la kujua kabla ya kusoma mizania ya mtu mwingine, maana uwiano unaweza kusogezwa usiku mmoja bila uongo wowote kuandikwa. Chukua karatasi ya kwanza ya mama, kabla hatujaisahihisha. Tuseme tarehe 30 Julai anawalipa wakulima milioni 15. Mali zinashuka hadi 225, madeni hadi 105, na uwiano wa sasa unapanda hadi 2.14. Uwiano wa haraka wakati huohuo unashuka kutoka 0.67 hadi 0.62. Malipo yaleyale yamepandisha kimoja na kushusha kingine. Sababu ni ya hesabu tu: ukipunguza kiasi kilekile juu na chini, uwiano uliozidi moja unapanda, ulio chini ya moja unashuka. Na kama badala ya kulipa angechukua mpunga wa milioni 40 kwa ahadi wiki hiyohiyo, uwiano wa sasa ungeshuka hadi 1.75 na wa haraka hadi 0.50, ingawa kununua mpunga Julai kwa ahadi ndiyo biashara nzuri kuliko zote msimu huo.

Ndiyo maana mizania moja ya tarehe moja hainitoshi. Kwa biashara ya mpunga ninaomba mbili, ya Julai ghala likiwa limejaa na ya Februari likiwa tupu. Ya Julai ina uwiano wa haraka wa chini hata kwa kampuni iliyo imara, kwa sababu fedha zote zimegeuka magunia. Ya Februari inapaswa kuwa imegeuka: mpunga kidogo, fedha nyingi, mkopo wa msimu umekwisha, na viwiano hivi viwili vimekaribiana. Nikikuta Februari uwiano wa sasa bado uko juu na wa haraka bado uko chini, najua ghalani kuna mpunga usiouzika, labda ulivunwa ukiwa na maji na sasa unavunjikavunjika mashineni, au umeandikwa tu na haupo. Nikikuta vyote viwili viko juu lakini benki hakuna kitu, naomba daftari la mali kauli.

Mama aliichukua ile karatasi ya stesheneri, akaikunja na kuiweka ndani ya kauntabuku. Nilimwandikia nyingine yenye 1.25 na 0.35, na nyuma yake orodha ya malipo kwa tarehe hadi Januari. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akasimama kwenye gunia 250 za kuuza.

"Hizi za kule mlangoni," akasema, "za mbegu ya SARO. Zile za ndani zibaki." Kisha akatoa simu na kuanza kuwapigia wale wa milioni 32, kuanzia mwenye deni kubwa.